Slaidi zimekatwa pembeni na kipindi kinaanza: mwongozo wa kurekebisha, pamoja na kisa cha Dokta wa mofolojia

Kila muhula ukianza, simu yangu huita kati ya saa moja na nusu na saa mbili asubuhi. Mimi ni fundi wa kompyuta na kumbi za mihadhara chuoni, na wanaopiga ni wahadhiri, wengine wapya na wengine wamefundisha tangu enzi za chaki. Swali ni lile lile: "Slaidi zangu zinaonekana nusu ukutani, kwenye laptopu ziko sawa. Nifanyeje?" Nimelijibu mara nyingi mno, na karibu kila mara ni kwa simu, huku nikipanda ngazi za jengo lingine. Sasa naliandika.

Nitatumia kisa kimoja, cha Dokta anayefundisha mofolojia ya Kiswahili, kwa sababu siku hiyo alirekebisha kila kitu mwenyewe kabla sijamfikia. Hatua zote ni za Windows na PowerPoint, maana ndivyo vilivyo kwenye laptopu nyingi ninazokutana nazo. Maneno ya kwenye skrini nimeyaacha kama yalivyo ili uyatambue ukiyaona.

Ilivyokuwa

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi na moja. Ukumbi ulishajaa nusu. Dokta alichomeka adapta ya HDMI kwenda VGA, akafungua faili, akabonyeza `F5`, na slaidi ya kwanza ikatokea ukutani ikiwa imeandikwa "folojia ya Kitenzi". Herufi mbili za mwanzo hazipo. Akadhani ni mchezo wa fonti tu, akasogea kwenye slaidi ya tatu. Hapo ndipo alipoona kuwa mambo ni makubwa.

Slaidi ya tatu ilikuwa na jedwali la kuchanganua neno *walitupikia*. Safu zilikuwa sita: nafsi, njeo, yambwa, mzizi, kauli na kiishio. Chini ya kila moja palikuwa na kipande chake: wa, li, tu, pik, i, a. Jedwali hilo alilivuta likafika ukingo kwa ukingo wa slaidi ili herufi ziwe kubwa, watu wa nyuma waone. Ukutani zilibaki safu nne tu. *Wa-* ya nafsi imeliwa kushoto, *-a* ya kiishio imeliwa kulia. Somo zima la siku hiyo lilikuwa juu ya viambishi vya mwanzo na vya mwisho wa kitenzi, na ni hivyo hivyo vilivyokatwa. Mwanafunzi mmoja wa mstari wa mbele alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake "litupiki".

Akanipigia. Hata kwa haraka ile salamu haikurukwa.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi? Projekta yenu inanila maneno."

Nilikuwa maabara ya kompyuta, upande wa pili wa chuo. Nikamwambia asizime kitu, tutafanya pamoja.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Laptopu iwe kwenye umeme, kwa sababu ikiwa kwenye hali ya kubana betri hufifisha kioo na kukuchanganya zaidi. Kebo iwe imekaa vizuri. Ile ya VGA ina skrubu mbili pembeni, zikaze kwa vidole. Kama laptopu yako haina tundu la VGA, njoo na adapta yako mwenyewe. Ya ukumbini imepitia mikono mingi.

Ujue pia projekta yenyewe ina nukta ngapi, yaani vitone vidogo vinavyoijenga picha. Hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Projekta nyingi za zamani madarasani zina nukta 1024 kwa upana na 768 kwa kimo. Zilizofuata nyingi zina 1280 kwa 800, na za karibuni 1920 kwa 1080. Namba hiyo huandikwa kwenye kijitabu chake, na mara nyingine kwenye kibandiko pembeni ya mwili wake. Ukiwa na rimoti, fungua menyu uende sehemu ya `Information` au `Info`, lakini kumbuka kuwa pale kinachotajwa mara nyingi ni picha inayoingia, si nukta za projekta yenyewe. Ukikosa kote, tazama umbo la mwanga uliopo ukutani: kama unakaribia mraba, anza kwa kudhani ni 1024 kwa 768.

Mwisho, tengeneza slaidi ya pembe. Hii ni slaidi tupu yenye fremu nyembamba iliyogusa kingo zote nne, na kila pembe ina namba yake: 1, 2, 3, 4. Iweke mwanzo wa kila faili lako. Ukiziona namba zote nne na mstari haujakatika mahali, uko salama. Ukikosa moja, umejua kabla ya wanafunzi. Dokta hakuwa nayo siku ile. Sasa anayo, na kwenye pembe zake hakuweka namba, ameweka irabu.

Hatua

1. Toka kwenye onyesho, utazame pembe za skrini ukutani.

Bonyeza `Esc`, kisha `Windows + D` ili madirisha yote yashuke. Sasa angalia ukutani, si kwenye laptopu. Je, alama ya `Recycle Bin` ya juu kushoto inaonekana? Saa ya chini kulia inaonekana?

Dokta akajibu, "Ndoo haipo. Saa nayo haipo."

Jibu hilo lilitosha kuiondolea PowerPoint lawama. Ikiwa hata skrini ya kawaida imekatwa, faili lako halina kosa lolote, na kulifungua na kulifunga mara kumi ni kupoteza dakika. Kinyume chake, ikiwa skrini ya kawaida imekaa sawa na slaidi ndiyo iliyokatwa, nenda moja kwa moja hatua ya 6.

> Usifanye hivi: Usiende `Design`, kisha `Slide Size`, ukabadilisha slaidi iwe `Standard (4:3)`. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote. Slaidi yenye umbo lisilolingana na projekta haikatwi. PowerPoint huiingiza nzima na kujaza nafasi iliyobaki kwa weusi. Ukiona weusi juu na chini, basi ni suala la umbo. Ukiona maneno yameliwa, tatizo liko kwingine. Na ukibadilisha umbo kwa pupa, PowerPoint itakuuliza uchague `Maximize` au `Ensure Fit`. Ukigusa `Maximize`, ndipo utakapokata vitu kweli kweli, ndani ya faili lako lenyewe.

2. Hakikisha mwanga haujamwagika nje ya pazia.

Tazama ukuta wa pembeni mwa pazia jeupe. Ukiona maneno yako yamechorwa juu ya rangi ya ukuta au juu ya ubao wa matangazo, picha haijakatwa, imezidi pazia tu. Hilo ni suala la pete ya kukuza iliyopo kwenye lenzi, au projekta kusogezwa. Zungusha pete taratibu, umalize. Kwa Dokta mwanga uliishia ndani ya pazia, tukaendelea.

3. Bonyeza `Windows + P`, uchague `Extend`.

Utaletewa chaguo nne: `PC screen only`, `Duplicate`, `Extend` na `Second screen only`. Kwa Dokta iliyokuwa imechaguliwa ni `Duplicate`, na hapo ndipo ugonjwa ulipolala.

Nieleze kidogo kwa nini, halafu nisirudi tena kwenye nadharia. Ukiwa kwenye `Duplicate`, laptopu na projekta hulazimika kushirikiana picha ya ukubwa mmoja. Laptopu ya Dokta ina nukta 1366 kwa 768. Projekta ya ukumbi ule ina 1024 kwa 768. Kimo kinalingana, upana haulingani: zinazidi nukta 342. Kwa kawaida projekta huipokea picha pana na kuibana ili iingie yote. Lakini mtu aliyetangulia alikuwa amegusa kitufe cha `Aspect` kwenye rimoti akaiacha kwenye hali ya kuonyesha picha kwa ukubwa wake halisi bila kuibana. Basi projekta ikaonyesha katikati, ikatupa nukta 171 kila upande. Hiyo ni robo nzima ya upana wa slaidi. Safu sita za Dokta, kila moja nukta kama 228. Ya kwanza na ya mwisho zilibakiwa na kipande cha nukta 57, na herufi zilizokaa katikati ya safu hizo zikapotelea nje.

Ndiyo maana pia *wiki jana ilikuwa sawa*, sentensi ambayo huwa naisikia kabla hata ya salamu kuisha. Wiki jana rimoti ilikuwa haijaguswa.

Kwenye `Extend` kila skrini hupewa ukubwa wake. Laptopu hubaki na 1366, projekta hupelekewa zile nukta inazoziweza ukishazichagua kwenye hatua ya 5, na haina cha kutupa.

Dokta alibonyeza `Extend`, kisha nikasikia kimya.

"Mwanangu, sasa slaidi zimepotea kabisa. Naona milima."

Milima ile ni picha ya ukutani wa Windows. Ukiwa kwenye `Extend`, projekta inakuwa kama meza ya pili iliyo kulia kwa meza yako, na meza hiyo ni tupu mpaka uweke kitu. Hakijapotea chochote. Kama mshale wa kipanya nao umetoweka, umevukia upande wa kulia. Usukume kushoto mpaka urudi.

4. Fungua mipangilio ya skrini, uchague kisanduku cha 2.

Njia fupi: bonyeza `Windows + R`, andika maneno haya, kisha `Enter`:

```
ms-settings:display
```

Juu utaona visanduku viwili, 1 na 2. Kama kuna kimoja tu kilichoandikwa `1|2`, bado uko kwenye `Duplicate`. Rudi hatua ya 3. Bonyeza `Identify`, na namba kubwa itatokea kwenye kila skrini. Ile inayotokea ukutani ndiyo projekta. Mara nyingi huwa 2, lakini hakikisha kwa macho, halafu bofya kisanduku chake mpaka kibadilike rangi.

> Tahadhari: Watu wengi hurekebisha kisanduku cha 1 wakidhani wanarekebisha projekta. Laptopu inaharibika muonekano, ukuta unabaki vile vile, na hapo mtu huanza kuamini kompyuta imerogwa. Kabla ya kugusa namba yoyote, tazama tena kisanduku kipi kimechaguliwa.

5. Weka `Display resolution` inayolingana na projekta.

Shuka chini mpaka `Display resolution`. Ukiona namba iliyoandikwa `(Recommended)`, hiyo ndiyo projekta yenyewe imeomba. Anza na hiyo. Kwa Dokta ilisomeka `1024 x 768 (Recommended)`, lakini iliyokuwa imechaguliwa ni `1366 x 768`.

Nani aliichagua? Yeye mwenyewe. Alikumbuka baadaye kuwa mwezi uliopita, akiwa kwenye `Duplicate`, kioo cha laptopu kilionekana kimenenepa, maandishi yamevutwa pembeni, akakirudisha kwenye 1366 kwa mkono. Windows ina tabia ya kukumbuka mpangilio uliowahi kuuweka ulipochomeka skrini ile ile, na kuurudisha kimya kimya.

Akachagua 1024 kwa 768. Ukuta ukawa mweusi kwa sekunde moja au mbili, ukarudi, na kisanduku kikauliza `Keep changes` au `Revert`. Una sekunde 15 za kujibu. Ukichelewa kwa sababu umegeuka kujibu swali la mwanafunzi, kila kitu kinarudi kilipokuwa na utadhani haikukubali.

> Tahadhari: Juu kidogo ya hapo kuna `Scale`, yenye 100%, 125% na 150%. Usiiguse. Hiyo hukuza maandishi na alama tu. Haibadilishi idadi ya nukta zinazokwenda ukutani. Wengi huishusha wakitegemea slaidi itaingia, na slaidi hata haitikisiki.

Ukitaka uhakika, fungua `Advanced display` iliyopo chini ya ukurasa huo huo, uchague projekta. Windows 11 itakupa mistari miwili, `Desktop mode` na `Active signal mode`. Kwenye Windows 10 ni `Desktop resolution` na `Active signal resolution`. Wa kwanza ni picha anayoichora Windows, wa pili ni ile inayotoka kwenye kebo. Namba zikifanana, na zikawa za projekta, upande wa laptopu umemaliza kazi yake. Dokta akanisomea: "Elfu moja ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane. Zote mbili."

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika nne.

6. Rudi PowerPoint, uchague skrini ya onyesho.

Nenda kichupo cha `Slide Show`, tafuta `Monitor`. Iache kwenye `Automatic`, au chagua jina la projekta lenyewe. Kisha bonyeza `F5` kuanza mwanzo, au `Shift + F5` kuanza na slaidi uliyopo.

Ukiwa na skrini mbili, PowerPoint itakufungulia `Presenter View`: slaidi nzima inakwenda ukutani, na wewe kwenye laptopu unaona maelezo yako, slaidi inayofuata na saa. Wakati mwingine zinapishana, ukuta unaonyesha maelezo yako ya siri na laptopu inaonyesha slaidi. Hapo bonyeza `Display Settings` juu ya ukurasa huo, kisha `Swap Presenter View and Slide Show`.

Kwa Dokta zilipishana. Kwa sekunde kadhaa darasa zima lilisoma maelezo yake ya slaidi ya kwanza: "Waulize kazi ya nyumbani. Wengi hawakufanya." Nilisikia kicheko kwenye simu.

7. Pitisha slaidi ya pembe, kisha slaidi yako pana kuliko zote.

Usiridhike na ukurasa wa jina. Nenda kwenye jedwali kubwa zaidi. Dokta alikwenda slaidi ya tatu, na safu zote sita zilikuwepo: wa, li, tu, pik, i, a. Juu na chini palikuwa na ukanda mweusi. Akauliza kama hilo nalo ni tatizo.

Si tatizo. Slaidi zake ni za 16:9, kama zilivyo za kila anayeanza faili jipya tangu PowerPoint ya 2013. Slaidi ya umbo hilo kwenye upana wa nukta 1024 huchukua kimo cha nukta 576. Zinabaki 192, na PowerPoint inazigawa 96 juu na 96 chini. Herufi zinakuwa ndogo kidogo kuliko alivyozoea, lakini hakuna kilicholiwa. Ukiujua ukumbi wako una projekta ya namna hii kwa muhula mzima, ndipo inapofaa kukaa nyumbani, jioni, ukatengeneze nakala ya 4:3 kwa utulivu. Si dakika nne kabla ya kipindi.

Ukumbi wenye televisheni badala ya projekta

Hapa dalili ni tofauti, na dawa nayo ni tofauti. Televisheni iliyounganishwa kwa HDMI mara nyingi haikati robo. Hukata kidogo, asilimia chache tu, na hukata pande zote nne kwa usawa. Namba ya slaidi ya chini inapotea, nusu ya mstari wa kichwa nayo inapotea. Ni tabia iliyorithiwa kutoka kwa televisheni za kioo cha tumbo, ambazo zilificha kingo za picha nyuma ya fremu, na televisheni bapa zikaendelea kuikuza picha hivyo hivyo.

Ukibadilisha namba za laptopu hapa utahangaika bure, kwa sababu 1920 kwa 1080 tayari ni sahihi. Chukua rimoti ya televisheni, ingia menyu ya picha, utafute sehemu ya ukubwa au umbo la picha. Kwenye Samsung tafuta `Screen Fit` au `Fit to Screen`, kwenye LG `Just Scan`, kwenye Sony `Full Pixel`. Majina hutofautiana kidogo kwa mwaka wa toleo. Ukishaigusa hiyo, kingo zinarudi papo hapo. Kama rimoti haipo, programu ya kadi ya michoro ya laptopu yako, iwe ya Intel, AMD au NVIDIA, ina sehemu ya kupunguza picha kidogo kidogo hadi iingie. Kwenye Mac, ingia `Displays`. Baadhi ya televisheni zikichomekwa hutokea kitelezi kiitwacho `Underscan`, ukivute mpaka pembe zionekane.

Ikigoma

*`Extend` haifanyi kitu, au Windows haioni skrini ya pili.* Chomoa kebo pande zote mbili, subiri kidogo, ichomeke tena projekta ikiwa imeshawaka. Ikiwa bado, bonyeza `Windows + Ctrl + Shift + B`. Skrini itapepesa, mara nyingine italia mlio mfupi. Huko ni kuiamsha upya kadi ya michoro, na faili lako halidhuriki.

*Namba ya projekta haimo kwenye orodha.* Mara nyingi ni adapta. Projekta hujitambulisha kwa laptopu kupitia nyaya ndogo ndani ya kebo, na adapta mbovu huzikata, laptopu inabahatisha. Utajua kwa jina: badala ya kuona jina la kampuni ya projekta, `Advanced display` itakuonyesha jina la jumla jumla, kama `Generic Non-PnP Monitor`. Azima adapta nyingine. Kama hakuna, chagua 1024 kwa 768 ikiwa ipo, kwa kuwa ni vigumu kupata projekta ya darasani isiyoikubali.

*Imekatwa upande mmoja tu, kidogo, na kebo ni ya VGA.* Picha imehama, haijakuwa kubwa. Bonyeza `Auto` kwenye rimoti ya projekta au kwenye mwili wake, usubiri ijipange. Fanya hivyo ukiwa na slaidi nyeupe yenye fremu ukutani, maana kwenye slaidi nyeusi projekta haioni kingo za kujipimia.

*Kioo cha laptopu nacho kimeharibika.* Ulirekebisha kisanduku cha 1. Kichague, ukirudishe kwenye ile iliyoandikwa `(Recommended)`.

*Zimebaki dakika mbili na hakuna kilichokubali.* Kuna mlango wa dharura ambao wahadhiri wengi hawaujui. Nenda `Slide Show`, kisha `Set Up Slide Show`, uchague `Browsed by an individual (window)`. Sasa ukibonyeza `F5`, onyesho litafunguka ndani ya dirisha la kawaida. Rudi kwenye `Duplicate`, lishike dirisha pembeni ulipunguze na kulisogeza mpaka liingie lote kwenye sehemu inayoonekana ukutani. Haipendezi, fremu ya dirisha inaonekana, lakini jedwali linasomeka lote. Ukitoka, kumbuka kurudisha `Presented by a speaker (full screen)`, la sivyo utanipigia tena wiki ijayo.

Kipindi kikiisha, usichomoe tu na kuondoka. Bonyeza `Windows + P`, uchague `PC screen only`, ndipo uchomoe. Madirisha yaliyokuwa yamekaa kwenye meza ya pili yatarudi nyumbani kwa utaratibu.

Mimi nilifika ukumbini saa mbili na dakika tatu, nikitweta. Dokta alikuwa ameshaanza, akanipungia mkono bila kukatisha sentensi. Rimoti niliikuta juu ya kabati la nyuma, ikiwa na vumbi la chaki. Nilisubiri mpaka mapumziko, nikabonyeza `Aspect` mara moja, ikaandika `Normal` ukutani. Nikaifunga rimoti kwa kamba kwenye mguu wa meza. Yule wa mstari wa mbele alikuwa amefuta "litupiki", ameandika neno zima, na pembeni ameongeza mshale unaoelekea kwenye *wa-*.